Mstari Ulioanzwa Upya

"Mtoto huyu kamfuata baba yake," mama kijana alimwambia mkunga huku akihema. "Kutoka kitandani ni shughuli!"

Mkunga alicheka, akavaa glavu. Ndiyo kwanza apokee zamu ya mchana katika kituo kile kidogo cha afya. Alipopima, kicheko kikamkauka. Mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita saba tu. Alipopapasa tumbo, sehemu nne kati ya tano za kichwa zilikuwa bado juu ya nyonga. Na moyo wa mtoto ulipiga polepole, kama mtu aliyechoka kubisha hodi.

Akaiendea patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu. Ilikuwa safi, inang'aa. Saa nne asubuhi, alama ya X ya sentimita sita ilikuwa imekaa sawasawa kwenye mstari wa tahadhari, kana kwamba safari ndiyo kwanza imeanza. Akachora X yake ya saa nane. Iliangukia katikati ya mistari miwili: imevuka tahadhari, haijaufikia mstari wa kuchukua hatua.

"Shoga, huyu mama alifika saa ngapi?"

Muuguzi wa asubuhi alikuwa anafunga mkoba. "Alfajiri, saa kumi na mbili, na sentimita nne zake. Karatasi ya kwanza ililowa chai, dada. Mimi na uchafu hatupatani, nikaanza mpya."

"Ukaanzia kwenye sita?"

"Si ndizo alizokuwa nazo?"

Mkunga aliiokota karatasi ya chai kwenye pipa, akaikunjua. Nne, saa kumi na mbili. Sentimita moja kila saa: saa nne alipaswa kuwa na nane. Alikuwa na sita, tahadhari imeshavukwa, na gari la kumpeleka hospitali limesimama uani bila kazi. Akaihamishia X ya saba humo. Ilipita hata mstari wa kuchukua hatua. Chini yake, viduara vya kuonyesha kichwa kinavyoshuka vilikuwa vimelala pale pale tangu alfajiri.

Muuguzi aliichungulia karatasi. Mkoba ukamponyoka.

"Piga simu hospitali, waandae upasuaji. Mwite dereva. Baadaye utalia."

Garini alimlaza mama ubavu wa kushoto, akamshika mkono njia nzima, karatasi zote mbili kifuani.

Walimpasua mara tu alipofika. Daktari alimpulizia mtoto pumzi kwa muda mrefu, kisha akaacha.

Jioni mama alifumbua macho, akapapasa shuka pembeni yake. Mkunga akamwambia, polepole, bila kuzungusha maneno. Mama alitazama dirisha mpaka likawa jeusi.

"Asubuhi alikuwa anacheza," alisema. "Alinipiga teke hapa. Si ndiyo, mama?"

"Ndiyo, mwanangu. Asubuhi alikuwa mzima."

Akamfunika vizuri, akakaa naye.