Sahani Isiyo na Doa

Maabara nzima ilimwita Bi Safi, kwa kuwa sahani zake za kuoteshea vimelea hazikuwahi kuingia ukungu. Kisha akaja binti mgeni, na mkuu wa maabara akawa haishi kumsifu mkono wake. Wivu ukamchoma Bi Safi kuliko moto wa gesi.

Siku hiyo waligawiwa usaha wa mgonjwa mmoja, kila mtu aoteshe vimelea wake kwenye sahani. Binti alichoma waya wake wa kuchotea mpaka ukawa mwekundu, akausubiri upoe karibu na moto, akauchovya kwenye usaha, akafunua kifuniko cha sahani kidogo tu, akachora nao mistari yake ndani, akafunika. Bi Safi alimkodolea macho akitafuta kosa, hata chafya. Hakuliona. Akiwa bado anamtazama, akautoa waya wake motoni na kuutumbukiza moja kwa moja kwenye usaha. Ulilia chwaa, wala hakuusikia; naye akachora mistari yake.

Kesho yake sahani ya binti ilijaa vidoa vya dhahabu. Ya Bi Safi iling'aa kama kioo.

"Yangu haina hata doa," alisema, akimtupia binti jicho. "Ya mwenzangu naona imeingia uchafu."

Mkuu aliziinua zote mbili kwenye mwanga.

"Uchafu hauoti kwa kufuata mstari, dada. Hawa ndio vimelea wanaomla mgonjwa, na ndio tuliokuwa tunawatafuta." Akamrudishia sahani yake. "Wako uliwakaanga kwa waya wa moto. Kwani macho yako yalikuwa wapi?"