Ua wa Upande Mmoja

Tulishinda! Karani wa makamishna wa ardhi alisoma majina ya waliogawiwa vipande mbele ya kanisa la kijiji chetu, Aldersby, na jina langu, Enoch Tansley, lilikuwamo: ekari mbili. Kezia mke wangu aliruka juu kama msichana.

Majirani wengi hawakupata kitu. Ng'ombe wao walikuwa wakila malishoni mwa kijiji tangu enzi za mababu, lakini Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuyagawa mashamba yote ya wazi na malisho yale, na makamishna walitaka haki iliyoandikwa. Aliyepanga nyumba aliambiwa haki ni ya mwenye nyumba. Sisi nyumba ilikuwa yetu, na tulikuwa na karatasi.

"Ila sharti moja," karani akasema. "Uzungushe ua wa miiba na mtaro kabla ya Mei Mosi. Usipomaliza, kipande kinauzwa."

"Mei Mosi? Nitamaliza Machi!" nikamjibu.

Bwana Garraway, aliyepewa ekari mia tatu, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Sikumchukia, nakiri. Alikuwa amenionyesha tanipu zake, mizizi minene ya kulisha mifugo, kila moja kubwa kuliko kichwa changu.

"Zamani theluthi ya shamba tuliiacha ilale bure kila mwaka, Tansley," alisema. "Sasa napanda tanipu na majani ya klova. Kondoo wanakula majira ya baridi, samadi inabaki shambani, na ngano ya mwaka unaofuata inafurika. Lakini nitapandaje klova wakati ng'ombe wako ana ruhusa ya kuingia baada ya mavuno? Ndiyo maana nahitaji ua."

Maneno yake yalinikolea. Nikasema na mimi nitapanda klova, na Cherry, ng'ombe wetu, atanenepa.

Basi tukachimba! Mvua, barafu, hatukujali. Kezia alibeba miche ya miiba kwa aproni yake, mimi nikachimba mtaro na kusimamisha nguzo na mbao za kuilinda miche mpaka ikue. Mbao zilikuwa ghali, nikaziweka upande wa nje tu. Kwetu mnyama wa kuharibu mimea alikuwa akija kutoka nje, na mchungaji wa kijiji ndiye aliyemzuia. Hakuna mtu Aldersby aliyewahi kumfungia ng'ombe ndani.

Tulimaliza siku tisa kabla ya Mei Mosi. Nikamwingiza Cherry, nikafunga lango, tukacheza pale pale matopeni.

Klova yangu ilikuwa bado haijafika kifundo cha mguu. Malisho ya kijiji yalikuwa yameshazungushiwa ua, na mabua ya mavuno hayakuwa tena ya wote. Cherry alikuwa na njaa. Mei Mosi karani alipokuja na daftari lake, alimkuta akitafuna mche wa mwisho wa upande wa mashariki. Pande tatu za ua wangu zilikuwa vijiti.

"Ng'ombe wako ameamua kesi, Tansley," karani akasema.

"Miche itachipua! Nipe mwezi mmoja tu, bwana!"

"Sheria inasema ua. Haisemi vijiti."

Nilimtukana, na matusi yangu hayakubadilisha kitu. Garraway alinunua kipande, akamnunua na Cherry. Nilirudi ndani nikalia mbele ya mke wangu, na moto wenyewe haukuwapo, maana kuni tulikuwa tukikata malishoni.

"Futa hayo machozi," Kezia akaniambia. "Majira ya baridi utapura ngano ya Garraway, kama kila mwaka."

Nilikwenda kuuliza. Garraway alinivuta ghalani kwa furaha. Farasi wawili walikuwa wakiizungusha mashine mpya ya kupuria, magurudumu yakinguruma, na ngano ikimwagika kama mvua. Watu wanne, asubuhi moja, kazi yetu ya wiki nzima! Nikapiga makofi, jamani, nikashangilia. Kisha nikaona fimbo zetu za kupuria zimerundikwa pembeni, nikaacha kupiga makofi.

"Na zile ekari za bondeni?" nikamuuliza. "Hulimi?"

"Nimezigeuza malisho ya kondoo. Mchungaji mmoja na mbwa wanatosha."

Nilipofika nyumbani Kezia alikuwa ameshafunga mzigo. "Nottingham," akasema, macho yanawaka. "Wanasema kiwanda cha pamba kinaita watu. Twende, mume wangu, kabla nusu ya wilaya haijatutangulia!"

Nusu ya wilaya ilikuwa njiani. Tulitembea siku mbili, tukipigana vikumbo na kucheka na watu tusiowajua, mpaka tukaona moshi wa kiwanda. Getini msimamizi alitutazama mikono.

"Mama, unajua kuunga uzi?"

"Nimesokota sufu tangu nikiwa mtoto!"

"Ingia." Akanigeukia. "Wewe unajua nini?"

Nikamwambia yote kwa pumzi moja: kulima, kupura, kukata majani, kuchimba mtaro.

"Humu ndani mikono kama yako hatuna kazi nayo," akasema, akanisogeza pembeni apite mwanamke mwingine. Kengele ikalia. Kezia aliniangalia mara moja, akaingia kwa mbio asije akafungiwa nje.

Nilisimama pale mpaka jioni kumngojea mke wangu atoke na chakula chetu.