Mapigo ya Kuazima

Mpasuaji alipenyeza mrija mwembamba kwenye ateri ya paja, akaushusha hadi karibu na kifundo, akajaza kiputo cha nchani, akauvuta polepole. Kikatoka kipande cha damu iliyoganda, chekundu kinachoelekea weusi. Nyuma yake damu ilikuja kwa uvivu.

"Tena," alisema.

Daktari kijana wa mapokezi alishika ndoano iliyoachanisha jeraha. Aliomba mwenyewe kusaidia. Mguu huu aliuona asubuhi: wa fundi cherehani aliyeshikwa na maumivu ghafla akikanyaga pedali. Ulikuwa mweupe na baridi, lakini alipoubonyeza juu ya wayo alihisi mapigo. Akasema ni neva ya kiuno, akampa vidonge. Mchana fundi alirudi amebebwa, mguu una ganzi, vidole havichezi. Mpasuaji hakukuta mapigo. Akaagiza dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda, akaita chumba cha upasuaji.

"Mshipa ukizeeka na kuziba taratibu," mpasuaji alisema, "shavu la mguu humuuma mtu kila akitembea, na mwili hujichongea vichochoro vya kupitishia damu. Huyu hana historia hiyo, na mguu wa pili ni mzima. Bonge lake la damu limesafiri kutoka moyoni. Misuli haikupata nafasi ya kujiandaa, na bila damu haistahimili zaidi ya saa sita hivi."

Akavuta tena. "Moyo wake unapiga ovyo. Yale mapigo uliyohisi wewe, yalikwendaje?"

"Sawasawa. Kama saa."

Mpasuaji hakuinua macho.

"Nilibonyeza sana," kijana alisema. "Yalikuwa ya kidole changu."

"Hutokea. Siku nyingine pima na shingoni kwa pamoja. Yasipolingana, si yake."

Damu ilirudi kwa nguvu, wayo ukapata rangi. Lakini misuli iliyokaa na njaa ilivimba, shavu likawa gumu kama ubao. Wakalichana pande zote mbili ili lipumue, wakaliacha wazi.

Kijana alipotoka, mke wa fundi alikuwa kwenye benchi la korido.

"Mwanangu, si ulituambia mapigo yapo?"

"Nilikosea, mama. Yalikuwa yangu."

"Na mimi nilimkanda kwa maji ya moto mpaka mchana."

"Kwa sababu niliwarudisha nyumbani."

Mama alisogea, akampa nafasi ya kukaa.

Jioni fundi alizinduka, mkewe na daktari kijana wakiwa kando ya kitanda, akatazama bandeji nene.

"Daktari, kazi gani hii? Mmeniacha bila pindo?"

"Makusudi, mzee. Kesho tunafungua tuone misuli ipi iko hai. Kushona ni baadaye."

"Mteja wangu angeniua. Na pedali?"

"Jaribu kidole gumba."

Wote watatu walikitazama. Hakikucheza.

Kijana aliweka vidole viwili juu ya wayo, kwa wepesi, na mkono wa pili shingoni. Mapigo yalikuja ovyo, huku na kule kwa pamoja. Hakuondoa mkono haraka.

"Haya ni yako," alisema. "Hayo mengine, kesho."