Nakala ya Siri ya Jemutai

Ting.

Kisha ting nyingine, nyuma ya ukuta, ofisini kwa meneja. Ya tatu sikuisikia, maana ililia mjini Nakuru, mezani kwa mwenye kiwanda. Ile ya kwanza ililia hatua nne kutoka kwangu, kwenye kompyuta ya msichana ambaye hapo hapo alijiziba mdomo kwa kiganja.

Nimwite Jemutai. Alikuwa katibu wetu pale kiwanda cha maziwa, Bahati. Mkataba wake wa majaribio ulikuwa unaisha Ijumaa, na barua ya kumwajiri moja kwa moja ilikuwa kwa meneja, Bwana Masinde, ikingoja sahihi tu.

"Kiprotich," akasema, "umejibu wote?"

"Wote. Wacha wasome."

Nilikuwa na haki ya kuwaka. Wiki sita nilizunguka vituo kumi na vinne vya kukusanyia maziwa, kipimajoto mfukoni, matope hadi magotini, mpaka nikajua kwa nini maziwa yetu yanaganda njiani: wakulima walikuwa wakichanganya ya jioni, yaliyolala bila kupozwa, na ya asubuhi. Nikaandika ripoti, nikampa Masinde. Naye akaituma kwa Bwana Rohan, mwenye kiwanda, akianza hivi: "Nimezunguka vituo vyote." Masinde! Kiatu chake hakijawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe. Jina langu halikuwa ndani ya barua, wala kwenye nakala. Na kwetu ofisini kuwekwa kwenye nakala ni kupewa kiti. Usipowekwa, umesimamishwa nje.

Bwana Rohan alijibu kwamba anataka kikao Alhamisi. Masinde akamwagiza Jemutai athibitishe saa. Jemutai akawaandikia wote wawili, na chini ya maneno yake ile barua ya Masinde ikabaki ilivyo. Mimi akanitia kwenye nakala ya siri, mahali ambapo wengine hawaoni kwamba nawe umepata. Kisha akapita kando yangu na kikombe cha chai.

"Angalia imeli yako," alininong'oneza. "Soma, funga. Ukitaka kusema kitu, andika barua mpya."

Nilisoma. Sikufunga. Niliandika maneno makali, nikayapanga mpaka yakalia kama ngoma, nikabonyeza kujibu wote. Wala sikujiuliza kwa nini jina langu halikuonekana popote juu ya barua ile.

Mlango wa meneja ukafunguka.

"Niaje, mshairi," akasema Masinde, akitabasamu kwa meno tu. "Barua ilikuwa ya watu watatu, mimi, Bwana Rohan na katibu. Sasa wewe umeingilia dirisha gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Jibu langu lilikuwa limebeba barua ya Jemutai chini yake. Aliyenifungulia alijulikana.

"Haya, madam," akamgeukia. "Kumbe tunalisha jasusi hapa."

"Ni kazi yake, Bwana Masinde," Jemutai akasema. Sauti yake haikutetemeka. "Nilidhani anastahili kujua."

"Ulidhani. Kwa siri."

Ting ikalia kwetu sote. Bwana Rohan alikuwa amejibu wote. Aliandika: "Kiprotich, asante kwa kazi nzuri. Alhamisi uje wewe uieleze. Masinde, nitataka kujua kwa nini hakuwekwa kwenye nakala. Jemutai, mazungumzo yangu hayapelekwi kwa mtu wa nne nisiyemwona."

Masinde akarudi ofisini kwake. Baada ya chai ikaja barua nyingine ya kikao, kutoka kwake: kwa Bwana Rohan, nakala kwangu. Nilitafuta jina la Jemutai juu, nikalitafuta chini. Halikuwepo. Mimi nilikuwa nimepewa kiti, na kilikuwa chake.

Ijumaa alipanga vitu vyake kwenye katoni ya pakiti za maziwa. Barua ya kumwajiri haikutiwa sahihi.

"Nitawaandikia," nikamwambia. "Wote. Nitasema kosa ni langu, wewe uliniambia nifunge."

Akacheka kicheko kikavu. "Uwaandikie tena? Kila ukinitetea, jina langu linafika meza zingine. Kesho nikienda kuomba kazi Gilgil, litakuwa limefika kabla yangu."

"Sasa nifanye nini, dadangu?"

"Ulisoma vizuri sana, Kiprotich. Kufunga ndiko kulikokushinda." Akainua katoni, akakataa nimsaidie. "Niahidi kitu kimoja tu. Jina langu usiliandike tena, mahali popote."

Mlango wa Masinde ulikuwa wazi, nami nilitaka asikie, kwa hiyo nilisema kwa sauti:

"Naahidi, dadangu. Jina lako sitaliandika tena."