Sukari na Mdalasini

Mimi ndiye niliyewafundisha watu wa kijiji cha Kishanda kubana pua. Nalisema hilo mwanzoni ili mjue kwamba sikukosa kwa kutojua.

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja, walipoanza shamba lao la pamoja. Nilitumwa kutoka Bukoba, mimi Datius, mwonjaji wa kahawa kiwandani, nikawaeleze kwa nini kahawa iliyoanikwa chini inanuka udongo. Nilibeba pakiti ya sukari iliyochanganywa na mdalasini wa kusaga. Nikampa kila mtu kiasi kidogo kiganjani.

"Baneni pua. Tieni mdomoni. Mnaonja nini?"

"Sukari!" wakajibu wote, sauti zikitokea kooni kama vyura.

"Sukari tu?"

"Sukari tu, waitu," wakasema, kwa neno lao la heshima.

"Haya, achieni pua."

Hapo ndipo raha ya somo lile ilipo. Nyuso zilibadilika zote kwa pamoja, mdalasini ukawajaa, wazee wakaanza kucheka. Nikawaambia ulimi ni mtu wa maneno machache: anajua utamu, chumvi, uchachu na uchungu, hana zaidi. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu. Chakula kikiwa mdomoni, harufu yake hupanda nyuma ya kaakaa tunapotoa pumzi, ikaingia puani kwa mlango wa uani. Ukibana pua, pumzi haipiti, na harufu haifiki. Kichwa ndicho kinachochanganya habari za ulimi na za pua, kisha kinatudanganya kwamba zote zimetoka mdomoni.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa Apolinary, karani wao wa kupokea kahawa, mwembamba, mpole, amefumba macho.

"Mdalasini," alisema. "Na gunia, Mwalimu. Gunia la kahawa."

Kweli, pakiti ile nilikuwa nimeisafirisha ndani ya gunia. Mimi mwenyewe sikuwa nimelisikia. Nilirudi Bukoba nikiwaambia wakubwa kwamba Kishanda kuna pua, na nafasi ya mafunzo ya uonjaji ikitokea, apewe yeye. Wakaandika jina lake.

Aprili ya sabini na tatu nikashikwa na mafua makali. Nililala wiki nzima. Homa ikaondoka, makamasi yakakauka, nikarudi kazini nikidhani mambo yamekwisha. Nilivunja utando wa kahawa juu ya kikombe cha kwanza kwa kijiko, nikainamisha uso kwenye mvuke. Nikasikia joto. Harufu haikuwapo.

Nilijipa wiki, kisha mwezi. Nyumbani nilitafuna tangawizi, ikaniwasha ulimi, nikafurahi kama mjinga. Mwonjaji mzima nisijue kwamba ule ni mwasho tu, na mtu asiye na pua kabisa huusikia vilevile! Siku moja mke wangu Georgina alitoka kisimani akakuta moshi umejaa jikoni, nami nimekaa nje kando ya mlango nasoma gazeti.

"Baba Klaudia! Ndizi zimeungua hadi majirani wanajua, nawe umekaa hapo?"

Nikasema nilikuwa nawaza mambo ya kazi. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaenda kukwangua sufuria.

Kazini nilikuwa na mwenzangu mmoja mezani, Bashiri wa mtaa wa Bakoba, mtu wa kanzu safi na maneno ya taratibu. Kwa miaka tisa tuliizunguka meza ile pamoja, tunavuta kahawa kwa sauti hadi itawanyike mdomo mzima, tunatema, tunaandika. Nilianza kumsoma. Kikombe kibaya kilimfanya akunje pua kidogo upande wa kushoto. Kizuri kilimfanya avute mara ya pili. Uchungu na uchachu nilivipata kwa ulimi wangu, mengine nikayapata usoni kwake, na mtu yeyote asingegundua. Ningesema nini? Mwonjaji asiye na pua atapewa kazi gani, kufagia maganda?

Miezi ilikwenda hivyo, mpaka Ramadhani ikaingia, na Bashiri akaondoka mezani.

Kila mwaka ilikuwa hivyo. Sheikh aliwahi kumwambia kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema kuna ruhusa, lakini Bashiri akasema, "Mpishi anagusa kwa ncha ya ulimi. Sisi tunavuta mpaka kooni. Siwezi kucheza na saumu yangu." Mwezi mzima alikaa ghalani akipima unyevu wa magunia, nami nikaonja peke yangu. Miaka mingine nilijisifu kwa hilo. Mwaka ule nilikaa mbele ya vikombe vitano vya Kishanda bila pua.

Ulikuwa mzigo wa kwanza mkubwa wa shamba lao la pamoja. Nilivuta, nikatema. Uchungu, kama kahawa yoyote ya robusta. Uchachu kidogo. Basi. Nikatazama punje mbichi: nyingine zilikuwa za kijivujivu, na nikakumbuka kwamba wiki mbili nyuma mvua ilinyesha mfululizo. Sasa nitasema lile ambalo sijalisema hata kwa padri. Nilijua kwamba mwonjaji anayepitisha kahawa mbovu hushikwa, lakini anayekataa huonekana mkali. Basi nikaandika: ukungu.

Neno moja. Mzigo ukatengwa na kushushwa daraja. Barua ikaenda Kishanda, na kule ikapata miguu. Nani alipokea kahawa mbichi? Nani aliilaza ndani ikiwa na maji? Mkutano ukaitwa, neno hujuma likatajwa, na miaka ile neno hilo halikutajwa kwa mzaha. Apolinary akavuliwa ukarani. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya mafunzo. Karatasi ya kulifuta ililetwa kwangu niweke sahihi, kwa kuwa mimi ndiye niliyempendekeza. Niliweka. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na mpaka leo naona aibu kwa utulivu ule.

Baada ya Idi, Bashiri alirudi mezani na uchu wa mwezi mzima. Alishusha makopo ya sampuli za akiba, akasema anataka kuona alichokikosa. Alipovuta Kishanda, akavuta mara ya pili.

"Karanga zilizokaangwa," alisema. "Safi kabisa. Hii ndiyo uliyoandika ukungu?"

"Kikombe kimoja kilikuwa na walakini."

Hakubishana. Aliondoka na kurudi na vikombe viwili, akaviweka mbele yangu. "Kimoja ni hiki cha Kishanda. Kingine ni cha lile gunia lililolowa ghalani, tulilotaka kulitupa. Nionyeshe kibovu, Bwana Datius."

Alikuwa amenipa mgongo. Uso wake haukuonekana. Nilivuta vyote viwili, nikavuta tena, nikasema cha kulia.

"Hicho ni Kishanda," alisema bila kugeuka. "Hiki kingine kinanuka mpaka mlangoni. Tangu lini?"

"Tangu Aprili."

"Miezi yote hii umekuwa ukinitazama mimi?"

"Ndiyo."

Akageuka. Nilitegemea hasira, ila alionekana kama mtu aliyeibiwa na ndugu. "Mafua si dhambi, Datius. Ungeniambia, ningekuficha mimi, wallahi, tukatafuta njia. Lakini umemzika mtu mzima." Akafuta mikono. "Jumatatu nitakwenda ofisini. Nenda Kishanda kabla yangu. Na usiende kumwambia kwamba ulikuwa mgonjwa. Mwambie ulichofanya."

Jumapili nilifika Kishanda watu wakitoka misa. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya sukari na mdalasini. Kwa nini niliibeba sijui. Labda niliogopa maneno yangu yasingetosha. Mke wa Apolinary, Kokushubila, alinipokea kwa heshima zote, akapiga magoti kunisalimu, akanipa kigoda. Heshima ile ilinichoma. Aliniambia mumewe siku hizi haendi misa ya watu wengi, anakwenda ya alfajiri.

Apolinary alitoka nyuma ya nyumba, amekonda zaidi. Mkononi alikuwa na bakuli la kahawa nyeusi.

"Karibu, Mwalimu. Nimefurahi umekuja. Niliweka akiba kidogo ya ule mzigo." Akalinusa bakuli. "Kabla ya kuupeleka niliuonja, nikaona safi. Ndipo barua yako ikaja. Nimekuwa nikiipika kila siku, nijifunze kosa langu. Mwanzoni sikuusikia. Sasa nausikia, Mwalimu. Ukungu. Nausikia hata kwenye maji ya kunywa."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Kazi yake ingeweza kurudishwa kwa barua. Pua yake, ile iliyosikia gunia, nilikuwa nimeiharibu kwa neno moja, nayo ilikuwa nzima wakati yangu imekufa.

"Hakuna ukungu," nilisema. "Haukuwapo. Mimi sisikii harufu tangu Aprili. Niliandika nisichokijua ili nisigundulike."

Niliona haniamini, anadhani namfariji kama mgonjwa. Nikatoa ile karatasi, nikaifungua, nikampa.

Aliitazama. Kisha akaweka bakuli chini, akamimina kidogo kiganjani mwangu, na kwa vidole vyake mwenyewe, bila kusema waitu wala samahani, akanibana pua. Nikatia mdomoni.

"Unaonja nini?"

"Sukari," nikasema kwa sauti ya chura.

Akaachia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kabisa, macho yakinikagua kama nilivyowakagua wao siku ile. Alikuwa anangoja uso wangu ubadilike. Nilitoa pumzi kwa pua, mara ya kwanza, mara ya pili. Alingoja. Nami nilingoja, Mungu anajua, nikimwomba mdalasini.

"Na sasa?"

"Sukari tu."

Alishusha pumzi ndefu. Aliinama, akaokota bakuli, akalinusa tena, safari hii polepole, amefumba macho. Alikaa hivyo mpaka miguu yangu ikaanza kuuma.

"Karanga," alisema mwishowe.

"Bashiri naye alisema karanga."

"Karanga zilizokaangwa." Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Badala yake aliita kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Kokushubila! Njoo. Waite na wale pale njiani. Mwite mwenyekiti kabla hajafika kwake."

Walikuja, nguo zao za kanisani bado safi, wakajaa uani. Niliwatambua wengi, walikuwa wanafunzi wangu. Mwenyekiti alisogea mbele na kunipa mkono, akaniuliza hali ya Bukoba.

Apolinary alinishika bega akanigeuza niwaelekee.

"Waambie," alisema. "Anza na sukari."