Mstari Nilioufuta

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kituo chetu kidogo cha afya hapa Kikula, nikipima watoto wa watu. Wanafunzi wanaoletwa kwangu kwa mazoezi wananiogopa. Sikatai, napenda wakiniogopa. Nina kalamu nyekundu na siionei haya.

Mwaka jana mwezi wa kumi waliniletea Elikia, msichana mkimya aliyeandika kila kitu kwenye daftari, hata nadhani nikipiga chafya alikuwa anaandika. Kazi yake ya somo la elimu ya afya ilikuwa kutengeneza karatasi moja ya mafundisho kwa akina mama: mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Iwe ya Kiswahili, herufi kubwa, ya kubandikwa ukutani nyumbani. Mwalimu wake ndiye wa kutoa pointi, lakini kwanza mimi niisome na kutia sahihi.

Karatasi ilikuwa nzuri, na ilinikera kidogo kwamba ilikuwa nzuri. Mnyonyeshe mtoto ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya kwanza ya manjano usiyamwage. Mnyonyeshe kila anapotaka, mchana na usiku. Maziwa yako yana maji ya kumtosha, hata wakati wa joto kali. Dawa, au maji ya chumvi na sukari ya kituo yanayoitwa SRO, mpe mtoto pale tu muuguzi anapoagiza. Kisha ikafuata orodha ya vitu vya kutompa: maji, maji ya sukari, chai, uji, maziwa ya kopo, dawa za mizizi. Na mstari wa mwisho: maji ya maombi.

"Elikia, hii njo nini?"

"Mama, ile siku ya kupima batoto niliuliza bamama munane: tangu mutoto azaliwe, ameingia nini mu kinywa? Batano balisema banamupatiaka mayi ya maombi. Banasema ile haiko mayi, ni baraka."

"Na weye unataka kupiganisha kanisa na kituo yetu ya afya juu ya kazi yako ya masomo?"

"Hapana, mama. Lakini kama hatuandike, batasema haikukatazwa."

Alisema hivyo huku anatazama viatu vyake. Msichana wa miaka ishirini alikuwa ameshaona, mimi wa miaka hamsini nikajitia upofu. Kanisa lile ni langu. Nakaa benchi la pili. Mume wangu alipofukiwa na udongo kwenye shimo la madini, Mama Pasteur Eugénie, mchungaji wetu anayeyaombea maji hayo, alipiga magoti siku mbili uani kwangu bila kula, na mume wangu akatolewa akiwa hai. Sasa mimi nitie sahihi karatasi inayosema maji yake ni kama chai na uji? Nikachukua kalamu nyekundu nikaukata mstari ule, mara mbili, ili usisomeke.

"Mayi ni mayi," nikamwambia. "Tumeshaandika mayi. Bataelewa."

Elikia alipata kumi na sita juu ya ishirini. Akaiandika upya bila mstari ule, tukatoa nakala, tukazigawa kituoni, na Jumapili tukazipeleka kanisani. Mama Pasteur mwenyewe alisimama akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, akina mama wakapiga makofi. Nilijisikia vizuri sana siku ile, lazima niseme ukweli.

Aliyeishika karatasi ile kuliko wote ni Mamie. Huyu anauza nguo za watoto za mitumba sokoni, mume wake Ricky anachimba. Alingoja miaka sita, mimba mbili zikatoka, hata mama mkwe akaanza kuulizia mwanamke mwingine. Mwezi wa tisa ndipo akamzaa Divin. Kila alipokuja kupima, mshale wa mizani uliposimama alishika kifua chake mwenyewe kama vile yeye ndiye anayepimwa. Divin alikuwa anapanda vizuri, na katika wiki ya saba alifika kilo nne na nusu. Mama mkwe alileta kikombe cha maji ya sukari kwa sababu ya kiangazi, Mamie akakimwaga chini mbele yake na kumwonyesha karatasi ukutani. Waligombana mtaa mzima ukasikia. Mimi nilicheka niliposimuliwa.

Halafu mvua zikaanza. Wanaokaa huku wanajua mvua za kwanza zinafanya nini kwenye vyoo vyetu. Kisima cha kanisa kiko hatua chache tu kutoka vyoo vya kanisa, na wiki ile maji yake yalitoka na rangi ya chai hafifu. Waliyaacha yatulie kwenye madumu, Ijumaa yakaombewa, watu wakajaza vichupa vyao. Kwenye kituo tulianza kupokea watu wazima wenye kuhara, wawili, kisha watano kwa siku. Nilikuwa nawauliza maji ya kunywa wanayatoa wapi, na kila jibu lilinifanya nitamani nisingeuliza.

Jumapili nikiwa kwenye benchi langu, nilimwona Mamie amepeleka mtoto mbele. Mama Pasteur akafungua kichupa, akamimina kwenye kifuniko, akamshika Divin kidevu kwa upole wake wote. Mtoto akafungua mdomo kama anavyofungua kwa ziwa. Mamie aliporudi mahali pake macho yetu yakakutana. Alitabasamu. Mimi nikainamisha uso, nikafungua kitabu cha nyimbo, nikaimba kwa nguvu kuliko kawaida. Kesho nitamwambia, nilisema moyoni. Jumatatu ilikuwa siku ya chanjo, foleni mpaka barabarani. Jumanne nilisema atakuja mwenyewe.

Alikuja Jumatano asubuhi akikimbia, kiatu kimoja mguuni. Divin alikuwa anahara tangu alfajiri ya jana. Macho yalikuwa yameingia ndani, utosi umebonyea, na nilipoivuta ngozi ya tumbo ilirudi polepole, polepole mno. Tulimtia serum, maji ya dripu, mkononi haraka. Kitabuni kuna swali la lazima, nikaliuliza: mtoto amepata nini?

"Maziba tu, mama. Maziba yangu tu."

Ningeweza kumuuliza zaidi, na jibu nilikuwa nalo. Niliandika maziwa tu, na nikafurahi kuandika hivyo.

Jioni mtoto alifungua macho, akanyonya. Alhamisi alikojoa mara tatu na Mamie akaniletea kila nepi nione, kama mtu anayeonyesha hati za kiwanja. Tulimpa SRO kwa kijiko, na nusu kidonge cha zinki kilichoyeyushwa kwenye maziwa ya mama yake. Elikia alikaa karibu na kitanda hata saa zake zilipokwisha. Sikumuuliza anafikiri nini. Nilijua.

Ijumaa Divin alianza upya. Safari hii ilikuwa maji matupu, moja baada ya nyingine, na kilio chake hakikuwa na sauti. Sikuelewa. Serum iliingia, maziwa aliyapata, mikono tulinawa. Chumba chetu cha wagonjwa kina vitanda vinne, na kwenye kitanda cha dirishani mtoto wa Colette, muuza mkaa, aliyeletwa kwa homa tu, naye alikuwa ameanza kuhara. Nikarudi kwa Mamie.

"Mamie, ambia minye tena. Anapata nini?"

Alikasirika. Siku tatu hajalala, na sasa namuuliza kama mwizi. Akatoa karatasi ya Elikia kwenye mfuko, ameikunja mara nne ndani ya plastiki, akaifungua juu ya kitanda na kuweka kidole.

"Tazama, mama. Mayi, hapana. Sukari, hapana. Chai, hapana. Uji, maziba ya boîte, mizizi, hapana. Niligombana na mama wa bwana wangu juu ya hii karatasi. Nilifwata yote!"

Elikia aliinua uso akanitazama. Hakuwa na hasira machoni, na hilo liliniuma zaidi.

"Na mayi ya maombi?" nikauliza.

"Ile haiko hapa." Kidole chake kikashuka hadi chini ya orodha, penye nafasi nyeupe. "Nilitafuta muzuri. Ata Mama Pasteur alisoma yote mbele ya bantu. Kama iko mubaya, bangeandika."

Elikia alifungua kinywa aseme, nadhani alitaka kusema kwamba alisahau, kunifichia aibu. Nikamzuia kwa mkono.

"Baliandika, Mamie. Elikia aliandika. Minye njo nilifuta."

Mamie alitia mkono ndani ya kitenge, kifuani, akatoa kichupa kidogo cha dawa ya macho kilichooshwa. Kilikuwa kimebaki nusu.

"Kila wakati munatoka, nilimupatia kifuniko kimoja," alisema. "Juu ya serum ipate nguvu."

Kutoka kitanda cha dirishani Colette akainuka polepole, na yeye akaweka kichupa chake mezani. Alikuwa amegawiwa na Mamie juzi, kwa huruma ya mama kwa mama. Vikakaa hapo viwili, na ndani ya kile cha Colette niliona mashapo yamelala chini. Nilivichukua, nikavimwaga.

"Mama Emérance," Mamie akaniita jina, kwa sauti ya chini. "Siku ya Mungu, mu kanisa, uliniangalia. Uliona namupatia. Minye nikasema mu roho, yee ni muuguzi, ameona, hakusema kitu. Basi ni muzuri."

Nikamgeukia Divin.

Sindano ya serum ilikuwa imeziba. Nilitafuta mshipa mwingine mkononi, kisha mguuni, kisha kichwani, Elikia akinishikia tochi ya simu, na mishipa yote ilikuwa imelala. Tukampitishia mrija puani tukaanza SRO kidogo kidogo, tukaita pikipiki ya kumkimbiza hospitali kubwa. Mamie alijifunga mtoto tayari, akasimama mlangoni na kunyonyesha, maana hakuna aliyemkataza, akimsemesha Divin avute, avute kidogo tu. Maziwa yalitiririka kwenye shavu la mtoto na kushuka shingoni. Pikipiki ilipofika, saa tisa na robo, nilitoka nikamwambia dereva azime injini; hakuwapo tena mtu wa kukimbizwa.