Maneno Matano ya Mwalimu Mwanafunzi

Wajukuu zangu wakiona mtu ameandika neno zuri wanasema, "Huyo anafikiri!" Mimi hucheka. Kuandika kwamba unafikiri, jamani, ni kazi rahisi kuliko zote. Niliifanya mwaka 1956, nikakaribia kuukosa ualimu.

Nilikuwa nimetoka Rungwe, chuo cha ualimu kikanipeleka shule moja karibu na Idodi, Iringa, kufanya mazoezi ya kufundisha. Wiki sita. Kila jioni ilitupasa tuandike daftarini tulivyoliona somo la siku ile: lilikwendaje, limekosea wapi, kwa nini. Daftari hilo ndilo lililoamua cheti. Mkufunzi wetu, Mwalimu Philbert, alilikagua kila Ijumaa. Mtu mkimya, kalamu nyekundu mfukoni. Tulimwogopa, bwana we!

Jumanne ile nilifundisha hesabu za kujumlisha, darasa la pili. Nikaona nitumie mambo ya nyumbani kwao, kama tulivyoelekezwa. Nikamsimamisha binti mmoja, Lusia. "Kwenu mko watoto wangapi?" Kimya. "Wavulana wangapi, wasichana wangapi? Jumlisha!" Akatazama chini. Darasa zima likanyamaza naye. Nikaona nimedharauliwa. Mimi nilikuwa na hasira za karibu siku hizo, sikatai. Nikamchapa viganja kwa rula, viwili. Mwanafunzi wa ualimu hakuruhusiwa kuchapa. Fimbo ilikuwa ya mwalimu mkuu peke yake, tena iliandikwa kwenye kitabu cha adhabu.

Jioni nikaandika: "Nimefikiri sana juu ya somo hili. Nimewaza, nimetafakari na kuzingatia hali ya darasa, nikakisia kuwa mwanafunzi mmoja ni mkaidi." Rula sikuitaja. Nikajiona mtaalamu kweli kweli.

Ijumaa daftari likarudi. Mwalimu Philbert alikuwa amezungushia duara jekundu nimefikiri, nimewaza, nimetafakari, kuzingatia, nikakisia. Chini yake ameandika: "Maneno matano. Wazo liko wapi? Kwa nini mtoto huyu hakujibu? Nipe jibu Jumatatu, au sitakupitisha." Nilikasirika hata chakula kikanishinda.

Jumamosi nikaenda kwao Lusia. Nilikwenda kutafuta ushahidi wa ukaidi wake, nisiseme uongo. Bibi yake alikuwa uani akipukuchua mahindi. "Kamwene, mwalimu," akanisalimia kwa Kihehe, akanipa kigoda. Nikamwuliza kwa nini mjukuu wake hataki kuhesabu.

"Anahesabu kuku, anahesabu magunzi haya," akasema. "Ndugu zake hahesabu. Mimi ndiye niliyemkataza. Hapa kwangu watoto wa mtu hawahesabiwi, mwalimu. Ukiwahesabu unawaita wapungue. Kwenu mnawahesabu?"

Nikafungua mdomo nijibu. Halafu nikamsikia mama yangu, kabisa kabisa, akiwa kwenye migomba nyuma ya nyumba yetu, karani wa misheni anamwuliza ana watoto wangapi. "Wapo tu," mama anasema, huku anacheka. "Bwana kawaleta, wapo." Nilikuwa nimeshika kanga yake. Nililijua jambo hili tangu sijajua kusoma! Ila nilipovaa kaptura ya chuo, niliacha kulijua. Machozi yakanitoka mbele ya yule bibi, nikasingizia vumbi la mahindi.

Jumapili nilikaa na daftari tangu tulipotoka kanisani. Nikiandika kweli, lazima niandike na rula, na rula itanifukuzisha. Nikiificha, Lusia anabaki mkaidi katika karatasi ya serikali. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Mwisho niliandika hivi: "Mtoto hakujibu kwa sababu alilelewa vizuri. Mimi nililelewa hivyo hivyo nikasahau. Nilimchapa mara mbili bila ruhusa. Ningemwuliza juu ya kuku angejibu." Neno fikiri halikuwamo hata moja.

Jumatatu Mwalimu Philbert aliyasoma hayo mbele yangu, amesimama. Akayasoma tena.

"Kwa rula hii nitakupeleka kwa mkuu wa chuo," akasema. "Utarudia mwaka."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na daftari sikurudishii. Nitawasomea wanaokuja. Hapa ndipo mwalimu alipoanza."

Nikarudia mwaka. Kabla ya kuondoka Idodi nilimwomba Lusia radhi mbele ya wenzake, naye akaitikia, "Haya, mwalimu," kwa sauti ndogo. Cheti nilikipata 1957, nikafundisha miaka thelathini na mmoja, Chimala, Mbeya mjini, kote huko. Wakaguzi walikuja na magari, wakatazama mahudhurio, wakatazama paa, wakasaini, wakaondoka. Hadi leo nikimkumbuka yule mzee na kalamu yake, moyo unaniuma kwa kumkosa. Katika miaka yote ile hakutokea mtu mwingine aliyeniuliza wazo langu liko wapi, akasimama kusubiri jibu.